Vali Iliyolala: Kinga ya Tangi la Petroli Inavyopimwa kwa Hesabu

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikiingia kwenye tangi namba 912 katika bohari ya mafuta ya Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead nchini Uingereza. Ilipofika kama saa tisa usiku, kipimio cha ujazo kilikwama. Petroli iliendelea kupanda ndani ya tangi, lakini kwenye skrini ya chumba cha usimamizi mstari ulinyooka kana kwamba hakuna kinachoingia. Ving'ora vya kuonya kwamba tangi linakaribia kujaa vilitegemea kipimio hichohicho, kwa hiyo navyo vilikaa kimya.

Ilibaki kinga moja. Juu ya tangi kulikuwa na swichi iliyojitegemea, ambayo kazi yake ilikuwa kushtuka mafuta yakifika juu mno na kukata mtiririko wa bomba. Haikushtuka. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri petroli ilianza kufurika kupitia matundu ya paa, ikageuka wingu la mvuke lililotambaa chini chini hadi nje ya uzio, na saa 12:01 asubuhi wingu hilo likalipuka. Watu 43 waliumia. Hakuna aliyekufa, jambo linaloelezeka zaidi kwa siku na saa yenyewe kuliko kwa mpango wowote, maana ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Swichi ile haikuwa na kazi yoyote siku za kawaida. Hapo ndipo ugumu wa kupima kinga za aina hii ulipo. Pampu ikiharibika, watu wanajua papo hapo kwa sababu mafuta hayaendi. Kinga ya dharura ikiharibika, kiwanda kinaendelea kufanya kazi vizuri tu, kama gari linavyoendelea na safari huku tairi lake la akiba limeisha upepo. Hitilafu hujulikana siku kinga inapohitajika, au siku mtu anapokwenda kuijaribu.

Kwa sababu hiyo wahandisi hawaulizi kama kinga ni nzima au mbovu, bali huuliza: ikiitwa ghafla, kuna uwezekano gani kwamba haitaitika? Jibu ni namba, na namba hiyo ndiyo inayotoa daraja linaloitwa SIL, yaani kiwango cha uthabiti wa usalama. Viwango vya kimataifa vya IEC 61508 na IEC 61511 vimeweka madaraja manne. Kwa kinga zinazoitwa mara chache, chini ya mara moja kwa mwaka, SIL 1 ni ile inayoshindwa si zaidi ya mara moja katika miito 10, SIL 2 si zaidi ya mara moja katika miito 100, SIL 3 katika miito 1,000, na SIL 4 katika miito 10,000.

Daraja linalotakiwa huamuliwa kwanza, kwa kuangalia ukubwa wa madhara na mara ngapi hali ya hatari inaweza kutokea. Baadaye huja kazi nyingine, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa: kuthibitisha kwamba vifaa vilivyochaguliwa vinalifikia daraja hilo.

Tuchukue tangi la petroli linalohitaji kinga ya SIL 2 dhidi ya kufurika. Kinga yenyewe ina viungo vitatu. Juu ya tangi kuna kitambuzi kinachohisi mafuta yakifika kikomo. Kinapeleka habari kwenye kompyuta ya usalama, inayoamua. Kompyuta hukata umeme wa vali kubwa kwenye bomba la kuingizia, na vali hujifunga kwa nguvu ya springi. Kiungo chochote kati ya hivyo vitatu kikigoma, tangi linafurika.

Kila kiungo kina takwimu za kuharibika, lakini si kila hitilafu inaingia kwenye hesabu. Vali ikijifunga yenyewe bila sababu, hiyo ni hasara na kero, si hatari. Kitambuzi kikikata mawasiliano na kompyuta ikaliona hilo na kutoa taarifa, fundi atatumwa akitengeneze. Zinazohesabiwa hasa ni zile zilizo za hatari na zilizojificha kwa pamoja: vali iliyong'ang'ania ikiwa wazi, au kitambuzi kinachosema kila kitu ni shwari huku kimekufa. Kasi ya hitilafu hizo huandikwa kwa idadi katika saa bilioni moja.

Kwa mfano wetu, tuseme kitambuzi kina hitilafu 300 za namna hiyo katika saa bilioni moja, kompyuta ina 20, na vali pamoja na springi na swichi yake ya umeme ina 2,000. Namba hizi ni za kielelezo, ingawa uwiano wake hautamshangaza fundi yeyote wa bohari: chuma kinachosogea ndani ya petroli na vumbi huharibika haraka kuliko saketi iliyofungiwa ndani ya kabati.

Kinga hii itajaribiwa mara moja kwa mwaka, yaani kila baada ya saa 8,760. Siku ya kwanza baada ya jaribio, uwezekano kwamba vali imeshakufa ni karibu na sifuri. Unapanda siku hadi siku, na siku moja kabla ya jaribio linalofuata unakuwa kasi ya hitilafu ikizidishwa kwa mwaka mzima. Kwa kuwa hakuna ajuaye dharura itatokea siku gani, huchukuliwa wastani, ambao ni nusu ya hapo:

```
PFDavg = λDU × T / 2

kitambuzi:  300e-9 × 8760 / 2 = 0.0013
kompyuta:    20e-9 × 8760 / 2 = 0.0001
vali:      2000e-9 × 8760 / 2 = 0.0088
jumla                         = 0.0102
```

SIL 2 inataka jumla iwe chini ya 0.01. Kinga hii imekosa kwa unywele, na kwa hiyo ni SIL 1. Hapa ndipo wanunuzi wengi hubisha, kwa sababu kila kifaa walichonunua kilikuja na cheti kilichoandikwa SIL 2, pengine hata SIL 3. Cheti hicho kinasema kifaa kinafaa kutumika ndani ya kinga ya daraja hilo. Daraja lenyewe ni la kinga nzima, na hutegemea jumla ya viungo vyote pamoja na ratiba ya majaribio, mambo ambayo mtengenezaji hayajui.

Jedwali lilelile linaonyesha pa kuweka fedha. Hata kama kompyuta ingekuwa haiharibiki milele, jumla ingeshuka hadi 0.0101 tu, na daraja lisingebadilika. Vali peke yake imebeba zaidi ya asilimia 80 ya tatizo. Ikifungwa vali ya pili kwenye bomba hilohilo, ili mojawapo ikijifunga itoshe, sehemu ya vali hushuka mpaka kama 0.001. Mtu angetarajia ishuke zaidi ya hapo, lakini vali mbili za aina moja, zilizofungwa na fundi mmoja na kupitisha uchafu uleule, zina tabia ya kufa pamoja. Mahesabu huchukulia sehemu fulani ya hitilafu, mara nyingi asilimia 10 au karibu na hapo, kuwa ya pamoja, na sehemu hiyo ndiyo inayotawala matokeo. Ving'ora vya Buncefield vilikuwa vingi, lakini vyote vilisikiliza kipimio kimoja. Kihesabu, vilikuwa king'ora kimoja.

Njia ya bei nafuu ni kujaribu kila miezi sita badala ya mwaka. Jumla inakuwa 0.0051, na SIL 2 imepatikana bila kununua kitu.

Imepatikana kwenye karatasi, maana hesabu hiyo imechukulia kwamba jaribio hugundua kila hitilafu. Majaribio mengi hayafanyi hivyo. Fundi anabonyeza kitufe, mkono wa vali unazunguka, anatia tiki. Hakuangalia kama vali imeziba kabisa au inaendelea kuvujisha petroli, wala kama imejifunga ndani ya muda unaotakiwa. Tuseme jaribio la namna hiyo hugundua asilimia 80 ya hitilafu. Asilimia 20 iliyobaki haingoji miezi sita; inarundikana hadi vali ifunguliwe karakana, tuseme baada ya miaka 10. Sehemu hiyo peke yake huongeza 0.0175, na kinga inarudi SIL 1 hata kama jaribio linafanywa mara mbili kwa mwaka. Katika bohari nyingi, kuboresha jaribio moja kungesaidia kuliko kuongeza mengine mawili dhaifu.

Pia kuna hitilafu zisizoingia kwenye hesabu hii hata kidogo. Swichi ya tangi 912 ilikuwa na wenzo wa kujaribia. Jaribio likiisha, wenzo ulipaswa kushikiliwa na kufuli katika nafasi yake ya kazi. Walioifunga na kuitunza hawakuelewa kwamba kufuli ile ilikuwa sehemu ya swichi. Haikufungwa, na bila hiyo wenzo ulishuka na kuiacha swichi haifanyi kazi. Hakuna kitabu cha takwimu chenye safu ya kufuli lililosahauliwa. Ndiyo maana IEC 61511, mbali na hesabu, hudai uthibitisho wa jinsi vifaa vinavyochaguliwa, kufungwa na kutunzwa, na huweka idadi ya chini ya vifaa vya akiba kwa madaraja ya juu, hata kama hesabu inapendeza bila hivyo.

Namba za kuanzia nazo zinatoka wapi? Nyingine ni za mtengenezaji, zilizopatikana kwa kuchambua kifaa mezani, mahali ambapo hakuna tope, kutu wala chumvi ya bahari. Nyingine zinatokana na kumbukumbu za viwandani, kama mradi wa OREDA ulioanza mwaka 1981 kukusanya habari za vifaa vya makampuni ya mafuta. Zilizo bora kuliko zote ni za bohari yenyewe. Kipimio cha tangi 912 kilikuwa kimekwama mara 14 kati ya mwisho wa Agosti na siku ya mlipuko, wastani wa mara moja kila wiki. Namba ya kitabu isingekuwa na maana yoyote mbele ya kumbukumbu kama hiyo, laiti ingewekwa mezani.

Kwa hiyo uthibitishaji haumaliziki siku ripoti inapotiwa saini. Chukua bohari yenye vali 20 za aina ya mfano wetu. Kwa hitilafu 2,000 katika saa bilioni moja, zote kwa pamoja zinatarajiwa kutoa hitilafu moja iliyojificha kwa takriban miaka mitatu. Majaribio ya mwaka wa kwanza yakikuta vali tatu zimeng'ang'ania, kasi halisi inakaribia 17,000, sehemu ya vali inaruka kutoka 0.0088 hadi 0.075, na kinga ya vali moja inayojaribiwa kila mwaka inakuwa SIL 1 ya chini kabisa. Lakini hilo litaonekana tu kama fundi aliandika hali aliyoikuta. Akiipaka vali grisi na kuizungusha mara mbili kabla ya jaribio, kama ambavyo wengi hufanya kwa nia njema, zote 20 zitafaulu na fomu itasema hakuna hitilafu.