Pesa Inaingia Lini, Nembo ni ya Nani?

Mbunifu wa michoro anayejitegemea jijini Nairobi ameletewa mkataba wa kurasa sita: atengeneze nembo ya mkahawa na menyu yake kwa shilingi 90,000. Tuufanye huu kuwa mfano wetu. Kabla ya kutia saini, anataka muhtasari wa ukurasa mmoja. Wengi wakipewa kazi hiyo hufupisha kila kifungu kwa zamu, na mwisho wanabaki na mkataba uleule uliopunguzwa maneno. Muhtasari unaofaa huuliza swali moja kila mahali: ni tukio gani linaloanzisha jambo hili, na tukio hilo liko mikononi mwa nani?

Tuanze na malipo. Mkataba unasema mteja atalipa asilimia 30 siku ya kutia saini, na salio “ndani ya siku 30 baada ya kuidhinisha kazi ya mwisho.” Mtu mwenye haraka ataandika: “Salio, siku 30.” Amekosea, kwa kuwa siku hizo hazianzi kuhesabiwa kazi inapokabidhiwa. Zinaanza mteja anaposema ameridhika, na hakuna mahali mkataba umempa siku ya mwisho ya kusema hivyo. Akinyamaza miezi miwili, hajachelewa hata siku moja. Kwa hiyo muhtasari uandike wazi: “27,000 siku ya saini. 63,000 siku 30 baada ya mteja kuidhinisha. Muda wa kuidhinisha haukuwekwa.” Nusu hiyo ya mwisho ya sentensi ndiyo yenye faida kuliko yote. Dawa yake ni fupi: kazi ihesabiwe imeidhinishwa ikiwa mteja hataleta marekebisho kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu apokee faili.

Kwenye umiliki, mkataba huu haukusema lolote, na hapo ndipo wabunifu wengi hujidanganya. Wanadhani palipo kimya, kazi hubaki ya aliyeichora. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kinyume. Hakimiliki huanzia kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Kimya, basi, kinampendelea mteja. Usiandike “umiliki: haujatajwa” ukapita. Andika: “Haujatajwa, kwa hiyo kwa sheria unakwenda kwa mteja, hata kabla hajamaliza kulipa.” Mbunifu anayetaka kujilinda aombe sentensi moja iongezwe: hakimiliki ya nembo iliyochaguliwa itahamia kwa mteja siku salio litakapolipwa lote, na rasimu zilizokataliwa zitabaki za mbunifu. Aseme pia kama bei hiyo ni pamoja na faili za kufanyia kazi, zile za .ai na .psd, au ni picha zilizokamilika tu. Ugomvi mwingi huzuka pale mteja anapozidai mwaka mmoja baadaye.

Kifungu cha kuvunja mkataba hakisomeki peke yake. Huu wetu unasema upande wowote unaweza kujitoa kwa notisi ya siku 7, na mbunifu “atalipwa kwa kazi iliyoidhinishwa.” Ukikisoma haraka, ni haki tupu. Sasa kiweke kando ya vile viwili. Wiki ya tatu, mbunifu ameshawasilisha rasimu tatu za nembo. Mteja hajaidhinisha hata moja, kisha analeta notisi. Kazi iliyoidhinishwa ni sifuri, hivyo salio ni sifuri. Zile 27,000 nazo mteja anaweza kuzidai, maana hakuna palipoandikwa kwamba hazirudishwi. Rasimu ziliagizwa, na umiliki haukutajwa, kwa hiyo anaweza kusema ni zake na kumpelekea fundi mwingine wa bei nafuu azimalizie. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Hasara imetoka kwenye viungo vya vifungu, na muhtasari unaofupisha kila kimoja peke yake hauwezi kuionyesha.

Kwa hiyo mstari wa tatu wa muhtasari uwe hadithi: “Mteja akijitoa baada ya rasimu na kabla ya idhini, napata nini, naye anabaki na nini?” Kinachofaa kuombwa ni malipo ya awali yasiyorudishwa, malipo ya kila hatua iliyowasilishwa hata kama haijaidhinishwa, na mteja asitumie rasimu yoyote ambayo hajailipia.

Muhtasari hauchukui nafasi ya mkataba. Mzozo ukifika mahakamani, kinachosomwa ni zile kurasa sita zenye saini. Kwa sababu hiyo, mtumie mteja mistari yako mitatu kabla ya kutia saini, muulize kama ndivyo naye anavyoelewa, na mnachokubaliana kiingizwe ndani ya mkataba wenyewe. Usipokee kwa simu. Omba kiandikwe.