Mofini Isitoke Peke Yake

Kampala, katika huduma ya tiba shufaa iliyoasisiwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa kwenye chupa ambayo mgonjwa wa saratani huenda nayo nyumbani. Hunywa kila baada ya saa nne, na maumivu hutulia. Pamoja na chupa hiyo, tangu siku ya kwanza, anahitaji pia vidonge vya kusaidia choo.

Sababu iko tumboni. Mofini haitulizi neva za maumivu tu. Hutuliza pia zile zinazousukuma utumbo. Mabaki ya chakula hukawia njiani, maji yake yakanyonywa, na kinachobaki ni choo kikavu na kigumu. Kichefuchefu na usingizi mwingi hupungua baada ya siku chache mwili ukishaizoea dawa. Utumbo hauzoei. Kwa hiyo anayengoja kuona kama atafunga choo tayari amechelewa.

Tuseme mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi amepewa mofini bila dawa ya choo. Siku ya nne hajaenda haja kubwa, tumbo limejaa, chakula hakipiti. Anaiacha mofini, na maumivu yanarudi. Siku ya sita anatokwa na majimaji. Nyumbani wanadhani anaharisha, wanampa dawa ya kufunga. Hapo ndipo hatari ilipo, maana majimaji hayo yanapenya pembeni ya choo kigumu kilichoziba chini. Mhudumu wa afya akimpima kwa kidole chenye glavu mara nyingi atakigusa.

Mama huyohuyo angeanza vizuri kwa bisakodili ya miligramu 5, kidonge kimoja au viwili usiku, ili apate choo asubuhi. Kidonge humezwa kizima, hakitafunwi wala hakinywewi na maziwa. Siku tatu zikipita bila choo, muuguzi aambiwe ili aongeze dozi au aweke dawa kwa njia ya haja kubwa. Maji, matunda na kutembea kidogo vinasaidia, ila peke yake havitoshi. Pumba na unga wa nyuzinyuzi kwa mgonjwa asiyekunywa maji mengi huweza hata kuzidisha kuziba.

Akitapika, tumbo likivimba na hata upepo usitoke, asipewe dawa ya kusukuma choo. Apelekwe hospitali, kwani huenda utumbo umefunga. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukizuilika, ni dharura: huenda uti wa mgongo umebanwa.

Aliyevunjika mguu naye, akipewa kodeini au tramadoli, hukabiliwa na shida hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mfupa ukiunga na dawa ya maumivu ikikoma, ile ya choo nayo huachwa mara haja inaporudi kama zamani.