Mabomba Mangapi Yapite Majaribio Ndipo Yaaminike?

Bomba la sindano linalojifunga lenyewe limetengenezwa litumike mara moja tu. Pistoni ikishasukumwa hadi mwisho, kufuli ndogo iliyomo ndani huizuia isirudi nyuma, hata anayetaka kulijaza tena ashindwe. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja la kuhimiza mabomba ya aina hii yatumike katika chanjo zote, ili virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI visihamishwe kutoka mtu hadi mtu. Kufuli isiposhika, bomba hilo halina tofauti na lile la zamani, na mbaya zaidi, anayelishika anadhani analindwa.

Chukua mfano wa hospitali inayopokea shehena ya mabomba 20,000. Mfamasia anatoa 10, anayajaza maji, anasukuma pistoni, kisha anajaribu kuivuta. Yote 10 yamejifunga. Je, anaweza kuandika kwamba shehena ni salama?

Jibu linapatikana kwa kuliuliza swali kinyume: kama shehena ingekuwa mbovu, matokeo hayo mazuri yangeweza kutokea kwa bahati tu? Tuseme bomba 1 katika kila 10 halijifungi. Uwezekano wa bomba la kwanza kupita ni 0.9. Uwezekano wa mawili kupita mfululizo ni 0.9 mara 0.9, yaani 0.81. Ukiendelea kuzidisha hadi bomba la 10 unapata takriban 0.35. Maana yake ni kwamba shehena yenye ubovu wa kiasi hicho ingepita jaribio la mfamasia mara 35 katika kila 100. Jaribio linalopitisha ubovu mara nyingi hivyo halijathibitisha mengi. Hesabu ikisogezwa mbele huonyesha kwamba, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mabomba 10 yaliyopita yanamruhusu mfamasia kudai jambo moja tu: angalau asilimia 74 ya shehena inajifunga. Zaidi ya hapo hana ushahidi, ingawa huenda shehena yenyewe ni nzuri kabisa.

Wahandisi huliita jaribio la namna hii jaribio la mfululizo wa mafanikio. Kanuni yake ni fupi. Kama R ni kiwango cha utegemevu kinachodaiwa, C ni kiwango cha uhakika, na n ni idadi ya vifaa vinavyopaswa kupita bila hata kimoja kushindwa, basi:

```
n = ln(1 - C) / ln(R)
```

na jibu hupandishwa hadi namba nzima inayofuata. Kwa utegemevu wa asilimia 90 na uhakika wa asilimia 95 vinahitajika vifaa 29. Kwa utegemevu wa asilimia 95 vinahitajika 59, na kwa asilimia 99 vinahitajika 299.

Namba 59 hukutana nayo mara kwa mara katika ripoti za vifaa tiba, na mara nyingi husomwa vibaya. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa shehena ni nzuri. Inasema kwamba shehena ambayo asilimia 5 au zaidi ya vifaa vyake ni vibovu ingefaulu kupitisha vifaa 59 mfululizo chini ya mara 5 katika kila majaribio 100. Pia haisemi kwamba utegemevu wa asilimia 95 unatosha. Uamuzi huo ni wa tabibu, wala hauwezi kutolewa na hesabu. Asilimia 5 ya mabomba 20,000 ni mabomba 1,000. Kwa kifuniko cha boksi kinachokaza kidogo, huenda kasoro hiyo ikavumilika. Kwa kufuli inayozuia maambukizi, haivumiliki.

Waganga wanaijua hesabu hii kwa sura nyingine. Mwaka 1983 Hanley na Lippman-Hand waliandika katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani kuhusu dawa au matibabu ambayo hayajaonyesha madhara yoyote kwa wagonjwa n. Kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha madhara bado kinaweza kufikia takriban 3 gawanya kwa n. Wagonjwa 300 bila madhara hata kwa mmoja hawathibitishi kwamba madhara hayapo, bali kwamba yakiwapo hayazidi takriban mgonjwa 1 katika 100. Ni hesabu ile ile ya mabomba 299. Mgonjwa anayeambiwa kwamba jambo fulani halijawahi kumpata mtu ana haki ya kuuliza: kati ya watu wangapi?

Hatari kubwa ya jaribio hili huanza pale kifaa kimoja kinaposhindwa. Mpango wa vifaa 59 hauruhusu kosa hata moja. Lakini kifaa kizuri chenye ubovu wa asilimia 1 pekee kina uwezekano wa takriban asilimia 55 tu wa kupita wote 59, kwa hiyo karibu nusu ya majaribio ya kifaa kama hicho yataangukia njiani. Hapo hujitokeza kishawishi cha kuyaweka kando matokeo na kuchukua vifaa 59 vingine. Shehena yenye ubovu wa asilimia 5, ikipewa nafasi mbili badala ya moja, uwezekano wake wa kupenya hupanda kutoka karibu asilimia 5 hadi karibu 9.5, ikipewa nafasi tano hufika asilimia 22. Ripoti itaonyesha mfululizo safi wa mwisho, nayo itakuwa imeficha yaliyotangulia. Njia ya haki ni kuamua kabla ya kuanza. Anayetaka kuruhusu kosa moja, kwa madai yale yale, apange kupima vifaa 93 tangu mwanzo. Na maana ya kushindwa iandikwe mapema pia, isije ikasemwa baadaye kwamba bomba lililogoma lilishikwa vibaya.

Sampuli nayo ina masharti yake. Mabomba 59 kutoka boksi moja la juu yanaweza kuwa yametoka kwenye kalibu moja, siku moja. Yanashuhudia boksi hilo, si shehena nzima. Na kifaa kinachotumika tena na tena, kama mashine ya kupimia shinikizo la damu, kikipimwa mara 59 bado ni kifaa kimoja.

Mahali ambapo njia hii hufika ukingoni ni kwenye sindano za dharura, kama ile ya adrenalini ambayo mgonjwa wa mzio mkali hujichoma mwenyewe. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo inayopendekeza utegemevu wa asilimia 99.999 kwa uhakika wa asilimia 95. Ukiweka namba hizo kwenye kanuni, n inakuwa 299,572, na kila sindano ikishapimwa haiwezi kuuzwa. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hulazimika kuigawa sindano katika sehemu zake, yaani springi, kifyatulio, sindano yenyewe na chupa ya dawa, kisha kuorodhesha kila njia ambayo sehemu hizo zinaweza kushindwa. Badala ya kuandika tu kwamba sehemu imepita au haikupita, hupima nguvu halisi inayohitajika kufyatua na nguvu ambayo springi inatoa, ili kuona nafasi iliyobaki kati ya hizo mbili. Vipimo vya namna hiyo hutoa habari nyingi kutoka kwa vifaa vichache, ilimradi umbo la mtawanyiko wake linajulikana.