Umri uliojificha: kwa nini watoto wanaovuta sigara walionekana kuwa na mapafu bora

Katika miaka ya 1970, watafiti waliwapima pumzi watoto na vijana wa Boston Mashariki, Marekani. Takwimu za 654 kati yao, wenye umri wa miaka 3 hadi 19, bado hutumika kufundishia wanafunzi wa afya ya jamii, kwa sababu zina jambo la kushangaza. Hewa iliyotolewa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza ilikuwa wastani wa lita 3.28 kwa wavuta sigara, na lita 2.57 tu kwa wasiovuta.

Je, sigara inaimarisha mapafu? La. Wavutaji walikuwa na umri wa wastani wa miaka 13.5, na wasiovuta miaka 9.5. Mtoto anavyokua, kifua chake hupanuka na pumzi huongezeka. Na kadiri anavyokua ndivyo anavyoelekea zaidi kujaribu sigara. Umri unavuta vyote viwili kwa pamoja.

Tuseme umehudhuria semina na kupiga picha ya slaidi yenye jedwali la uhusiano kati ya mambo hayo matatu. Hakuna takwimu za mtoto mmoja mmoja, bali namba tatu tu. Kila moja ni kipimo cha uhusiano, ambacho huanzia −1 hadi 1, na 0 ina maana kwamba hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka. Sigara na pumzi ni 0.245, sigara na umri ni 0.404; umri na pumzi ni 0.756. Namba hizo zinatosha kuuondoa umri katika hesabu.

Anza kwa kuzidisha zile mbili zinazohusu umri: 0.404 × 0.756 = 0.305. Hicho ndicho kiasi cha uhusiano ambacho tungetarajia kukiona kati ya sigara na pumzi kama umri peke yake ndio unaoviunganisha. Lakini kilichoonekana ni 0.245, pungufu ya matarajio. Ukitoa, unabaki na −0.060.

Baki hilo halijawa jibu, kwa sababu umri ukiondolewa, tofauti kati ya watoto nazo hupungua. Inabidi tuligawe kwa tofauti zilizosalia ili lirudi kwenye kipimo cha −1 hadi 1. Kanuni nzima ni hii, ambapo a ni sigara na pumzi, b ni sigara na umri, na c ni umri na pumzi:

```
r = (a − b×c) / √((1 − b²) × (1 − c²))
r = −0.060 / √(0.837 × 0.428) = −0.10
```

Alama imegeuka. Miongoni mwa watoto wa umri unaolingana, wavutaji walielekea kuwa na pumzi ndogo kidogo. Kidogo kweli: mraba wa 0.10 ni 0.01, yaani sigara inaeleza takribani asilimia 1 tu ya tofauti zilizobaki baada ya umri kuondolewa.

Picha ya simu ina mitego yake. Ukungu ukikufanya usome 0.404 kama 0.904, kanuni itakupa takribani −1.57, jibu lisilowezekana, nawe utajua umesoma vibaya. Ukisoma 0.464 utapata −0.18, jibu linalokubalika kabisa machoni ingawa si sahihi. Kwa hiyo jibu kuwa ndani ya mipaka hakuthibitishi kwamba umesoma vizuri. Desimali nazo zina uzito: jedwali lililokadiriwa hadi 0.2, 0.4 na 0.8 linatoa −0.22, zaidi ya maradufu ya jibu halisi. Hata alama ya kutoa iliyofifia inaweza kugeuza maana yote. Angalia pia kama namba zote tatu zimetokana na watu walewale. Jedwali ambalo kila namba imehesabiwa kwa kundi tofauti halifai kwa hesabu hii.

Isitoshe, kanuni huondoa kile tu ulichokitaja, tena kwa kudhani kwamba uhusiano wake na mambo mengine unafuata mstari ulionyooka. Wachambuzi wanapoongeza kimo na jinsia katika takwimu hizihizi, kwa hesabu ya mstari ulionyooka, athari ya sigara hufifia hata isiweze kutofautishwa vizuri na bahati nasibu. Hilo haliisafishi sigara. Wavutaji walikuwa 65 tu, wengi wao vijana ambao bado hawajavuta kwa miaka mingi, ilhali madhara ya moshi kwenye mapafu hujengeka polepole. Na kama sigara yenyewe ingekuwa inadumaza kimo, basi kukiondoa kimo kungekuwa kuondoa sehemu ya madhara yaleyale tunayoyatafuta. Kwa hiyo uamuzi wa nini kiondolewe hauwezi kutoka kwenye jedwali. Unatoka kwa anayejua jinsi mwili wa mtoto unavyokua.