Lahani Iliyovumishwa: Kupambanua Wimbo wa Jadi na Kazi yenye Hakimiliki katika Makazi ya Nakivale na Mji wa Mbarara

Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Leo yanakaliwa pia na watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Waliokimbia hawakubeba hati nyingi, lakini walibeba nyimbo. Mtayarishaji wa kipindi cha watoto aliyeko Mbarara, anayetafuta lahani ya kufungulia kipindi chake, hana haja ya kwenda mbali zaidi.

Tatizo huanza pale mwimbaji anapovumisha lahani bila maneno na kusema aliimbiwa na bibi yake. Mtayarishaji huandika “wimbo wa jadi” kwenye fomu, na suala linahesabiwa kuwa limekwisha. Makala haya yanadai kwamba kauli ya bibi ni ushahidi wa mahali wimbo ulikosikiwa, si ushahidi wa mahali ulikotoka. Kosa linaweza kutokea upande wowote: kazi ya mtunzi anayejulikana ikachukuliwa kuwa mali ya wote, au utunzi wa mkimbizi mwenyewe ukazikwa chini ya neno “jadi”. Kosa la pili huzungumzwa mara chache, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi Nakivale.

Bibi naye alikuwa na redio

Wimbo wa “Malaika” unatosha kuonyesha udhaifu wa kumbukumbu ya utotoni. Watu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo hawakumbuki siku waliyojifunza wimbo huo. Waliukuta nyumbani kama walivyokuta meza na viti. Hata hivyo, si wimbo wa jadi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Miriam Makeba akauvumisha duniani. Utunzi wake umebishaniwa: Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, alidai kwamba aliutunga tangu 1945, na Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa miongoni mwa watunzi wake.

Wapo wanaodhani kwamba ubishi wa namna hii huuachia umma wimbo. Sivyo. Ubishi kuhusu mwenye mali hauifanyi mali ikose mwenyewe. Aidha, umri wa wimbo hausaidii sana, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya 2006 hailindi kazi ya mtunzi kwa kuhesabu kuanzia siku ya utunzi. Huilinda katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Fadhili William alifariki Februari 2001. Ikiwa yeye ndiye mtunzi, ulinzi unafika 2051. Swali la kwanza la mchunguzi, basi, si “wimbo huu ni wa zamani kiasi gani?” bali “je, yupo mtu aliyeutunga, naye alifariki lini?”

Kwa mtu aliyezaliwa Kivu Kusini katika miaka ya 1970, bibi mwenye redio si jambo la ajabu. Wimbo uliorekodiwa Nairobi au Kinshasa uliweza kupita redioni, ukaimbwa shambani, kisha ukamfikia mtoto mgongoni mwa mlezi wake ukiwa tayari umepoteza jina la mtunzi.

Lahani si maneno, na maneno si rekodi

Kabla ya kuchunguza ni lazima kutenganisha vitu ambavyo sikio huvisikia kama kimoja. Lahani ina mtunzi wake, maneno yana wake, tafsiri ina wake, na rekodi ina haki za aliyeitengeneza na za waliotumbuiza.

Mfano mzuri hupatikana kanisani, na lahani nyingi za utotoni zilipitia huko. Upo wimbo wa kumsifu Muumba kwa ukuu wa kazi zake, unaoimbwa kwa Kiswahili katika madhehebu mengi. Mahadhi yake ni ya wimbo wa jadi wa Sweden. Shairi la asili lilitungwa na Carl Boberg mwaka 1885, naye alifariki 1940. Kwa kipimo cha miaka 50, shairi hilo liko huru. Lakini maneno ya Kiingereza yaliyoueneza duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki 1989, na kwa kipimo hichohicho yanalindwa hadi 2039. Tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa kutoka kwa Hine inasimama juu ya kazi yake, pamoja na haki za mfasiri mwenyewe. Anayevumisha mahadhi ya jadi tu yuko salama. Anayeongeza maneno au kunakili mpangilio wa sauti wa Hine ameingia katika shamba la mtu. Jibu la “ni jadi au si jadi” kwa wimbo mzima lingekuwa la uongo kwa vyovyote.

Uchunguzi wa lahani moja

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Mama mmoja katika eneo la Juru, mzaliwa wa Fizi, anavumisha lahani fupi ya kumbembeleza mtoto. Mtayarishaji anataka kuitumia redioni Mbarara.

Hatua ya kwanza ni kunyamaza. Mchunguzi asitaje jina la wimbo wowote anaoukisia, kwa sababu msailiwa mwenye adabu atakubali ili asimwaibishe mgeni. Arekodi uvumishaji mara mbili, siku tofauti, kisha aulize polepole: “Mama, huu mlikuwa mnaimbiwa na nani, na wakati wa kazi gani?” Halafu amtafute mtu mwingine wa kijiji kilekile cha asili, amhoji kivyake, na aombe aimbe anavyoukumbuka.

Kinachotafutwa ni namna kumbukumbu hizo zinavyotofautiana. Lahani ya jadi huwa na sura nyingi: huyu anarefusha mwisho, yule anaongeza kituo, wa tatu ana maneno mengine kabisa. Lahani iliyojifunzwa kutoka kwenye rekodi huelekea kuganda. Ishara ninayoiamini zaidi ni hii: kama mwimbaji, kati ya beti, anavumisha pia kipande kisicho na maneno ambacho kinafuata mapigo ya gitaa au tarumbeta, karibu hakika alijifunza kutoka kwenye sahani, kaseti au redio. Bibi hapigi kiitikio cha gitaa kwa mdomo bila kulisikia mahali. Ishara hii, hata hivyo, hufanya kazi upande mmoja. Kukosekana kwake hakuthibitishi ujadi, kwani wimbo wa redio ukikaa vinywani miaka 40 nao huanza kubadilika.

Baada ya hapo lahani iandikwe kwa njia inayoweza kutafutwa. Hakuna haja ya kujua nota. Denys Parsons alibuni mwaka 1975 mfumo unaoandika mwelekeo tu: sauti ikipanda huandikwa U, ikishuka D, ikirudia palepale R, na nyota huwakilisha sauti ya kwanza. Sauti 14 za mwanzo za wimbo wa watoto wa Kifaransa wa Frère Jacques, unaojulikana na watoto wengi wa shule Kongo, huandikwa hivi:

```
*UUDRUUDUUUDUU
```

Faida ya mfumo huu ni kwamba kuimba kwa ufunguo tofauti au kwa kusitasita hakuharibu alama. Hasara yake ni hiyohiyo: lahani mbili zisizo na uhusiano zinaweza kuwa na alama sawa, hasa zikiwa fupi. Ndiyo maana alama huonyesha mahali pa kusikiliza tu. Hukumu hubaki kwa sikio. Huduma za simu zinazotambua wimbo uliovumishwa, kama ile ya Google, zijaribiwe pia, lakini zimelishwa zaidi nyimbo za soko la Magharibi. Zikitoa jina, jina hilo lichunguzwe kwa kusikiliza rekodi. Zisipotoa, mchunguzi hajajifunza lolote kuhusu Fizi.

Ushahidi wenye uzito kwa upande wa jadi ni rekodi ya zamani ya uwandani. Kwa nyimbo za Uganda zipo rekodi za Klaus Wachsmann, ambazo nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi, makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji na maktaba aliyoianzisha Hugh Tracey, iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ndizo za kuandikiwa kwanza. Lahani ikipatikana kwa waimbaji kadhaa wa vijiji mbalimbali katika rekodi za miaka ya 1950, dai la mtunzi mmoja wa miaka ya 1970 linadhoofika sana. Kwa upande wa pili, chama cha wanamuziki cha UPRS na ofisi ya usajili ya URSB, yenye tawi Mbarara, waulizwe kuhusu mtunzi anayeshukiwa. Jibu la kwamba kazi haikusajiliwa lisipokelewe kama ruhusa, kwa sababu sheria ya Uganda haifanyi usajili kuwa sharti la ulinzi.

Iwapo mtunzi ni mama mwenyewe

Katika mahojiano ya pili mama wa Juru anaweza kusema jambo ambalo hakuulizwa katika ya kwanza: mwanzo ulikuwa wa mama yake, lakini sehemu ya pili aliiongeza mwenyewe njiani, mtoto alipokataa kulala. Hapo fomu yenye neno “jadi” inakuwa na madhara ya kweli.

Sheria ya 2006 inalinda kazi iliyo asilia ya mtunzi na iliyowekwa katika umbo la kushikika, kwa njia yoyote na bila kujali ubora wake. Lahani iliyokuwa hewani tu huwekwa katika umbo hilo pale simu ya mtafiti inapoirekodi. Mtafiti anapata haki fulani katika rekodi aliyoitengeneza, lakini hawi mtunzi. Mtunzi wa sehemu ya pili ni mama, na pia ana haki za mtumbuizaji. Ikiwa faili inabeba jina la mradi pekee, ushahidi wa kwanza kabisa wa utunzi wake umezaliwa ukiwa na jina la mtu mwingine.

Historia ya Solomon Linda inaonyesha gharama. Alirekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939 na kuachia haki zake kwa malipo madogo. Marekani lahani yake ikaenea kana kwamba ni ya jadi. Alifariki 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kesi iliyoihusisha kampuni ya Disney, na walikuwa na rekodi yenye jina lake ya kushika mkononi.

Hata lahani ikithibitika kuwa ya jadi, mipaka haijafutika. Sheria ya Uganda inataja sanaa na maarifa ya jadi bila kueleza vizuri nani aombwe ruhusa, ilhali Tanzania, kwa sheria ya 1999, na Kenya, kwa sheria ya 2016, zinadhibiti matumizi ya kibiashara ya sanaa za jadi. Kipindi kinachorushwa Mbarara na kuuzwa Nairobi kinahitaji kuulizwa mara mbili.

Kwa lahani ya Juru, ningependekeza fomu iache nafasi ya maneno haya: sehemu ya kwanza, inaaminika kuwa ya jadi, waimbaji wawili wa Fizi, rekodi za zamani bado zinatafutwa, sehemu ya pili, mtunzi ni msailiwa, jina lake kamili na tarehe ya kurekodiwa, matumizi ya redio yasianze kabla ya idhini yake ya maandishi, aliyosomewa kwa Kiswahili au Kibembe, na nakala abaki nayo yeye.