Futsal: Mpira Usioruka na Sekunde Nne za Kuamua

Ushike mpira wa futsal kwenye kimo cha mita mbili, kisha uuachie udondoke sakafuni. Sheria inataka mdundo wake wa kwanza usipungue sentimita 50 wala usizidi 65, yaani uishie karibu na goti au juu yake kidogo. Mpira wa kawaida wa soka uliojazwa upepo vizuri, ukidondoshwa pale pale, utapanda hadi kiunoni na kupita. Tofauti nyingi za michezo hii miwili zinaanzia hapo.

Mpira wa futsal ni namba 4, wenye mzingo wa sentimita 62 hadi 64, ilhali ule wa soka ni namba 5, sentimita 68 hadi 70. Lakini uzito wao unakaribiana sana: gramu 400 hadi 440 kwa futsal, gramu 410 hadi 450 kwa soka. Kwa hiyo ni mpira mdogo uliokaa mzito, uliotengenezwa makusudi usiruke. Unaotumia mpira wa kawaida kwenye sakafu ya saruji hauchezi futsal hata kama mko watano watano. Utaona wachezaji wanahangaika kuutuliza kwa kifua na mapaja, pasi zinawadundia magotini, na mchezo unageuka kuwa wa kubutua na kukimbilia.

Mpira usiporuka, mguu unabadili kazi. Kwenye soka tunafundishwa kupokea kwa ubavu wa ndani wa mguu, mpira usogee mbele kidogo. Kwenye futsal mchezaji hupokea kwa unyayo: anainua kidogo ncha ya kiatu, anaukanyaga mpira na kuusimamisha chini yake. Kutoka hapo anaweza kuuvuta nyuma, kuuviringisha pembeni au kuutoa kwa pasi bila kuangalia chini. Hata upigaji wa kutumia ncha ya kiatu, ambao makocha wengi wa soka huukemea, kwenye futsal ni silaha halali, kwa sababu hauhitaji kuvuta mguu nyuma na kipa hapati muda wa kuusoma.

Ustadi huo unatokana na ufinyu wa nafasi. Uwanja wa futsal wa mita 40 kwa 20 una mita za mraba 800. Ukiwatoa makipa, wachezaji wanane wanagawana mita 100 kila mmoja. Kwenye soka, uwanja wa mita 105 kwa 68 unampa kila mchezaji wa ndani zaidi ya mita 350. Anayepokea mpira wa futsal tayari ana mtu mgongoni, na asipokuwa ametazama pande zote kabla pasi haijamfikia, ameshachelewa.

Kisha kuna saa. Mpira ukitoka pembeni haurushwi kwa mikono. Unawekwa mstarini na kupigwa kwa mguu, ndani ya sekunde nne tangu mchezaji awe tayari. Kona nayo ni sekunde nne, faulo sekunde nne, na kipa akiwa na mpira nusu yake hana zaidi ya sekunde nne. Akishautoa, haruhusiwi kuugusa tena katika nusu ile mpaka mpinzani auguse. Njia ya kupumzika kwa kurudisha nyuma, ambayo timu za soka huitegemea, imefungwa. Kupoteza muda nako hakufai, kwani kila kipindi ni dakika 20 na saa husimama kila mpira unapokufa.

Tuchukue timu mbili. Bluu iko nyuma kwa mabao 3 kwa 2, zimebaki dakika tatu. Nyeupe ina faulo tano katika kipindi hiki. Kocha wa Bluu anamtoa kipa na kuingiza mchezaji wa ndani aliyevaa rangi ya jezi ya kipa. Mabadiliko hayana kikomo na mchezo hausimamishwi. Kipa huyu mpya anavuka mstari wa kati, kwa sababu kule nusu ya wapinzani anaweza kupokea mpira mara nyingi apendavyo. Sasa Bluu wanashambulia watano dhidi ya wanne.

Nyeupe wanajipanga kama mraba mbele ya eneo lao. Bluu wanaweka mmoja katikati nyuma, wawili kwenye mistari ya pembeni na wawili chini karibu na goli. Futsal haina kuotea, kwa hiyo mtu anaweza kusimama kabisa kwenye nguzo ya mbali akisubiri. Mpira unahamishwa kulia, katikati, kushoto, kwa pasi kali za chini. Mraba nao unahama. Wanachotafuta Bluu ni ile nukta moja ambapo beki mmoja amechelewa hatua moja. Hapo pasi inakatizwa mbele ya goli na yule wa nguzo ya mbali anaisukuma ndani.

Nyeupe wanataka kuunyang'anya, lakini hawathubutu kucheza rafu. Kuanzia faulo ya sita ndani ya kipindi, adhabu hupigwa bila ukuta, mpigaji na kipa tu, na mpigaji anaweza kuipigia kwenye alama ya mita 10. Ndiyo maana beki wa futsal hujifunza kukaba kwa miguu inayosogea: anaziba njia ya pasi na kusubiri kosa, halali chini kuutafuta mpira. Nao Bluu wana hatari yao. Ukiona pasi zinazunguka kwa wale watatu wa nyuma tu, bila kuwafikia wawili wa mbele, ujue mraba umeshinda. Pasi moja laini ikinaswa, mpira unapigwa kutoka mbali kwenda kwenye goli tupu, na inakuwa 4 kwa 2.

Mtoto aliyekulia kwenye mazingira hayo akiingia soka atakuwa mwepesi wa kuamua, lakini kuna vitu hatakuwa navyo. Mpira wa futsal haumfundishi kupiga kichwa, kukadiria mpira mrefu unaoshuka kutoka angani, kupiga pasi ya mita 40, wala kuhesabu mstari wa kuotea. Na ule unyayo, kwenye uwanja wa vumbi wenye mashimo, unaweza kumsaliti mpira ukampita chini ya kiatu. Max Kilman aliichezea timu ya taifa ya futsal ya Uingereza huku akicheza soka ya kawaida katika klabu ya Maidenhead United, ndipo Wolverhampton Wanderers wakamsajili mwaka 2018. Naona hiyo ndiyo njia sahihi: yote mawili kwa pamoja, si moja badala ya jingine.

Mwaka 2025 wanawake wa Tanzania walifika fainali ya Afrika mjini Rabat wakafungwa na Moroko, kisha wakacheza Kombe la Dunia la kwanza la futsal kwa wanawake nchini Ufilipino. Wengine hawahitaji kungoja ukumbi wenye paa ili kuanza. Juan Carlos Ceriani, mwalimu aliyeubuni mchezo huu Montevideo mwaka 1930, alichukua goli la mpira wa mikono, na mpaka leo goli la futsal ni lile lile, mita 3 kwa 2. Uwanja wa mpira wa mikono nao ni mita 40 kwa 20. Walimu wenye uwanja huo shuleni, tayari mna mistari na magoli. Nunueni mpira namba 4 wa futsal, na kabla ya kulipa, udondosheni sakafuni muone unaishia wapi.