Unaenda Kumwona Mtoto? Haya Ndiyo ya Kumbebea Mama

Wageni wanaokwenda kumwona mtoto mchanga Dandora hubeba mifuko inayofanana: sukari, majani chai, mkate na soda. Mama hushukuru, lakini vitu hivyo havimsaidii sana kurudisha damu aliyopoteza akijifungua. Pesa hizo hizo zinaweza kununua chakula kinachomfaa zaidi.

Kwanza, ni vyema kujua maziwa yanatoka wapi. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hupata ishara ya kutengeneza maziwa mengine. Ndiyo maana mtoto mchanga anafaa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Hakuna uji wala supu inayoweza kuchukua nafasi hiyo. Mama asipokula vizuri, mara nyingi maziwa huendelea kutoka, lakini yeye ndiye huishiwa nguvu. Kwa hivyo chakula hununuliwa kwanza kwa ajili ya mwili wake.

Anayenyonyesha anahitaji milo yake 3 ya kawaida pamoja na milo 2 midogo ya kuongezea. Chukua mfano wa mama aliyejifungua siku 10 zilizopita. Shangazi anayekwenda kumtembelea anaweza kumbebea nusu gorogoro ya njahi, trei ndogo ya mayai, omena, unga wa wimbi, maziwa, viazi vitamu, ndizi na machungwa. Kama makaa au gesi ni tatizo, anunue njahi zilizokwisha kuchemshwa mtaani.

Kwa vitu hivyo, siku ya mama huwa hivi. Asubuhi anakunywa uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa. Saa nne anakula yai na kiazi kitamu. Mchana ni njahi kwa wali au chapati, pamoja na mboga na chungwa. Alasiri anakula ndizi na kikombe cha maziwa. Usiku ni ugali, omena na terere au managu. Mara moja kwa wiki, kipande cha ini kinaweza kuchukua nafasi ya omena.

Chungwa lile lina kazi yake. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye njahi na mboga, na madini hayo ndiyo hutengeneza damu. Chai hufanya kinyume, kwa hivyo inywewe angalau saa moja kabla au baada ya chakula. Omena nazo huliwa pamoja na mifupa yake, hivyo humpa mama kalisi ambayo mwili wake hutumia kutengeneza maziwa. Zichague zilizokauka vizuri, zisizo na ukungu, na uzioshe mara kadhaa kuondoa mchanga.

Supu ya mifupa inapendwa sana, lakini peke yake ni maji yenye ladha na mafuta. Mama apewe pia nyama. Vivyo hivyo, uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu nyingi.

Kuhusu vinywaji, kikombe cha maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kila anaponyonyesha ni mwanzo mzuri, kisha anywe kila anapohisi kiu. Kunywa kupita kiasi hakuongezi maziwa. Pombe, hata ile inayosifiwa kuwa huleta maziwa, hupita hadi kwa mtoto na inaweza kupunguza maziwa yanayotoka.

Kuna tahadhari moja ya wakazi wa Dandora hasa. Utafiti wa UNEP wa mwaka 2007 ulipata madini mengi ya risasi kwenye udongo wa dampo. Mboga iliyokuzwa karibu na dampo au kwa maji taka inaweza kufyonza madini hayo, na kuiosha hakuyaondoi yaliyo ndani ya jani. Muulize mama mboga zimetoka wapi kabla ya kununua.

Familia itajuaje kama maziwa yanatosha? Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anafaa kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na kufikia wiki 2 hivi awe amerudia uzani wa kuzaliwa. Asipofikia hapo, apelekwe kliniki akapimwe na mama atazamwe jinsi anavyomnyonyesha, kabla ya kununua maziwa ya kopo.

Mama mwenye kizunguzungu, viganja vilivyopauka au pumzi fupi huenda amepungukiwa na damu, na chakula pekee huenda kisitoshe. Apelekwe kituo cha afya akapimwe. Akiwa na homa, au akitokwa na damu nyingi, apelekwe hospitalini mara moja.